Somo: Promti ya kuedit picha, Kiswahili kwanza ndo Kiingereza

Wadau, leo ni kuedit picha iliyopo tu kwa app ya AI, sio kutengeneza mpya, na promti ndo yale maelekezo unayoiandikia. Tuchukue hii: shangazi kakaa barazani, anatazama kamera, kavaa kanga nyekundu, nyuma ukuta umechakaa na kuna pikipiki kushoto. Tunataka pikipiki itoke na ukuta uwe mweupe, basi.

Hatua ya 1. Andika kama unamwagiza fundi asiyekujua: "Toa pikipiki iliyo upande wa kushoto wa picha. Ukuta wa nyuma uwe mweupe wa chokaa. Uso wa mwanamke, mkao wake na kanga yake nyekundu vibaki vilevile." Hiyo sentensi ya mwisho ndo watu wengi wanairuka, alafu wanashangaa shangazi karudi na sura ya mtu mwingine.

Hatua ya 2. Kabla ya kutafsiri winda viambishi. Ukisema "uupake chokaa" sisi tunajua ni ukuta, kanga ingekuwa "uipake", ila Kiingereza vyote vinageuka `it` na modeli inaanza kubahatisha, kwa hiyo rudisha jina la kitu kila mara hata kama inachosha kusoma. Na "kushoto kwake" futa kabisa, kushoto kwa shangazi ni kulia kwako unayemtazama.

Hatua ya 3. Tafsiri sentensi moja moja. Mashine ya tafsiri inaweza kukupa kanga ndege, na buibui la kuvaa likawa mdudu, sasa hapo usihangaike na jina, eleza kinachoonekana kwa macho:

```
Remove the motorcycle on the left side of the picture.
Paint the back wall plain white, like limewash.
Keep the woman's face, pose and red printed
cotton wrap exactly the same.
```

Hatua ya 4. Kirudishe hicho Kiingereza kwenye Kiswahili, weka pembeni ya ile ya kwanza, kama kuna kitu kimepotea utakiona hapo kabla hujachoma kredit.

Maswali

*Mkuu mbona maandishi ya kanga yanatoka yamevurugika na nimeandika yabaki?*
Herufi ndogo modeli huwa inazichora upya, promti peke yake mara nyingi haitoshi. Kama app yako ina maski, yaani kuchagua eneo la kubadilishwa tu, chagua pikipiki na ukuta tu. Haina? Basi chukua kanga ya picha ya asili uibandike juu kama leya.

*Kwani nikiandika Kiswahili moja kwa moja?*
Baadhi zinaelewa, jaribu. Kwenye "toa pikipiki" huenda usione tofauti, shida ni vitu kama baraza na chokaa, hapo zinakisia.

*Mi naenda kidogo kidogo, nimetoa pikipiki, nikapaka ukuta, nikaongeza mwanga, sasa uso umekuwa laini hauna hata kikunjo.*
Unaedit juu ya iliyoeditiwa dada, kila raundi picha nzima inachorwa tena. Rudi kwenye faili la asili, yote matatu yaweke kwenye promti moja.