Kizidishi kwenye gurudumu la Dream Catcher si bonasi

Kabla ya kuweka dau kwenye 40 kwa tamaa ya kizidishi, hesabu vipande. Gurudumu la Dream Catcher, mchezo wa kasino, lina vipande 54: viwili ni vizidishi, 2x na 7x, vinavyozidisha ushindi wa mzunguko unaofuata, na 52 vilivyobaki ni namba. Namba 40 ina kipande kimoja tu. Ikitoka unarudishiwa dau lako na mara 40 juu yake, yaani 41, wakati malipo ya haki yangekuwa 52. Vizidishi huziba sehemu tu ya pengo hilo, na marejesho ya muda mrefu huishia asilimia 90.81. Kwa hiyo ile 7x inayopigiwa kelele na mtangazaji imeshakatwa kwenye malipo yako ya kawaida.

Ruleti ya sifuri moja hurejesha asilimia 97.30. Ukizungusha mara 100 kwa shilingi 1,000, wastani wa hasara kwenye ruleti ni 2,700. Kwenye 40 ni karibu 9,200. Namba 10 ina nafuu, asilimia 96.58, lakini bado haiifikii ruleti. Marejesho ya kila dau yako kwenye ukurasa wa sheria za mchezo; tafuta RTP.