Somo: Fifo au wastani? Tofauti yote iko kwenye stoki ya mwisho

Swali linalorudi kila msimu wa kufunga hesabu ni hili: njia ipi inapunguza kodi? Chukua kalamu tupige hesabu moja mpaka mwisho, halafu tutaona kama swali lenyewe limeulizwa sawasawa.

Tuna bidhaa ya aina moja. Mwaka ulianza na vipande 100 vilivyonunuliwa kwa 50 kila kimoja. Baadaye vikanunuliwa 200 kwa 56, na karibu na mwisho wa mwaka 100 kwa 65. Vilivyouzwa ni 300, kwa 90 kila kimoja, kwa hiyo mauzo ni 27,000.

Hatua ya 1: gharama ya vyote vilivyokuwepo. 5,000 + 11,200 + 6,500 = 22,700, kwa vipande 400. Namba hii haijali umechagua njia gani. Kilichobaki ni kuigawa mafungu mawili: vilivyouzwa na vilivyobaki.

Hatua ya 2: fifo, yaani cha kwanza kuingia ndicho cha kwanza kutoka. Vipande 300 vilivyouzwa vinachukua 100 vya 50 na 200 vya 56, jumla 16,200. Vilivyobaki 100 ni vya bei mpya ya 65, yaani 6,500. Faida ghafi: 10,800.

Hatua ya 3: wastani wenye uzito. 22,700 ÷ 400 = 56.75. Gharama ya mauzo ni 300 × 56.75 = 17,025, na stoki ya mwisho ni 5,675. Faida ghafi: 9,975. Angalizo: usijumlishe 50, 56 na 65 ukagawa kwa 3. Utapata 57, na hesabu yako haitafunga kwenye 22,700.

Hatua ya 4: linganisha. Faida zinapishana kwa 825. Stoki za mwisho nazo zinapishana kwa 825 hiyohiyo. Tuseme kodi ni asilimia 30: mwenye fifo analipa 247.50 zaidi mwaka huu, kwa sababu bei zilikuwa zinapanda na gharama za zamani, zilizo nafuu, ndizo zilizokutana na mauzo. Bei zikishuka, mambo yanageuka.

Hatua ya 5: vuka mwaka. Hapa ndipo wengi huachia njiani. Stoki ya mwisho ya leo ndiyo stoki ya mwanzo ya kesho. Ukiuza vile 100 vilivyobaki bila kununua vingine, mwenye fifo anaweka gharama ya 6,500 na mwenye wastani 5,675. Ile 825 imerudi, safari hii ikiwa upande wa pili. Kwa miaka miwili faida ni sawa kabisa. Kwa hiyo wastani ulikuahirishia kodi, haukuifuta. Kweli, bei zikizidi kupanda na stoki ikibaki kubwa, kuahirisha huko kunaweza kuendelea miaka mingi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimeingiza namba zako kwenye programu yangu kwa njia ya wastani. Imetoa gharama ya mauzo 16,612.50, siyo 17,025. Nani kakosea?*

Hakuna aliyekosea. Bila shaka uliingiza mauzo mawili: 240 kabla ya ununuzi wa mwisho na 60 baada yake. Programu inapiga wastani upya kila mzigo unapoingia. Mauzo ya kwanza yalitoka kwa 54 (16,200 ÷ 300), kwa hiyo 12,960. Vikabaki 60 vyenye thamani ya 3,240, vikaingia 100 vya 6,500, wastani ukawa 60.875. Vile 60 vya mwisho vikatoka kwa 3,652.50. Mimi nilipiga wastani mmoja wa mwaka mzima. Fifo haina tatizo hili: ipige kila siku au mwisho wa mwaka, ni 16,200 tu.

*Je, lazima mzigo wenyewe utoke rafuni kwa mpangilio huo?*

Hapana. Hii ni kanuni ya kugawa gharama. Vipande vinavyofanana na kubadilishana vinaweza kutoka vyovyote.

*Basi bei zikipanda nitumie wastani, zikishuka nihamie fifo?*

Hilo ndilo linalowakwamisha watu. Kiwango cha kimataifa IAS 2 kinakubali njia zote mbili (cha mwisho kuingia kutoka kwanza hakikubaliki), lakini bidhaa za aina moja na matumizi yaleyale hubaki kwenye njia moja. Ukibadilisha kwa sababu halali, unarekebisha na namba za nyuma. Mtu aliyefunga mwaka kwa wastani, 5,675, kisha akafungua mwaka mpya kwa fifo, 6,500, ameidai gharama ya 825 mara mbili. Mkaguzi huligundua haraka: anaweka stoki ya mwisho ya mwaka jana kando ya stoki ya mwanzo ya mwaka huu, akikuta hazilingani anaanza kuuliza.