Daftari kando ya kioo

Kinyozi mmoja ninayemfahamu aliongeza kiti cha pili, akamweka kijana kwa makubaliano ya nusu kwa nusu kila kichwa. Jioni hesabu zikawa hazikutani, wakaanza kutiliana shaka, na hilo linaumiza kuliko hasara yenyewe. Kilichowaokoa ni daftari kando ya kioo: mteja akishuka kitini, kijana anachora mstari papo hapo. Wakifunga, wanalinganisha mistari na nyembe zilizotumika, maana kila mteja hupata wembe mpya. Siku moja nyembe zilikuwa 11, mistari 9. Kijana alikuwa amesahau wawili waliochonga ndevu tu. Ndevu zikapewa alama yake, na kijana anaupokea mgao wake jioni ileile.