Divai na bia kwa mla mboga na vegani: lebo ikikaa kimya, usiiamini

Divai changa huwa na ukungu. Mabaki ya hamira, protini za zabibu na tanini kali zinazokausha kinywa huelea ndani yake kwa miezi. Mtengenezaji asiyetaka kusubiri humwaga kitu cha kung'arishia, ambacho hunasa chembe hizo na kuzama nazo, kisha divai safi hunyonywa juu ya tope. Kinachosalia ndani ya chupa ni kidogo mno, pengine hakipimiki, lakini mla mboga huuliza ni nini kilichotumika.

Hatua ya 1: Jua mstari wako unapita wapi. Ute wa yai na kaseini ya maziwa havitokani na mnyama aliyechinjwa, hivyo wala mboga wengi huvikubali, ila vegani, asiyetumia chochote kitokacho kwa mnyama, havimfai. Jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa, na gundi ya samaki hutengenezwa kwa mabondo. Hivyo viwili havimfai yeyote kati yao. Bentonaiti, ambayo ni udongo wa mfinyanzi, mkaa, na protini ya njegere au ya viazi havina shida kwa wote.

Hatua ya 2: Soma sehemu ya vizio, yaani vitu vinavyoweza kuzusha mzio, na ujue mipaka yake. Katika Umoja wa Ulaya, tangu katikati ya 2012, divai iliyong'arishwa kwa yai au maziwa lazima iseme hivyo kwenye lebo iwapo mabaki yanapimika. Kipimo kinachotumika hufika miligramu 0.25 kwa lita. Jelatini si kizio, kwa hiyo haitajwi. Gundi ya samaki nayo imesamehewa inapotumika kung'arishia bia au divai. Hata orodha ya viambato, ambayo divai za Ulaya za mavuno mapya zimeanza kuibeba, huviacha nje vitu vilivyopita tu kiwandani.

Tuchukue divai nyekundu ambayo lebo yake inasema "Contains sulphites" na hakuna zaidi. Wengi huiweka kikapuni wakidhani imepona. Ukweli ni kwamba huenda pipa la lita 225 lilitiwa ute wa mayai matano, tope likatulia vizuri na mabaki yakashuka chini ya kipimo. Huenda pia ilitumika jelatini, nayo haitajwi kamwe. Jirani yake kwenye rafu imeandikwa "Contains egg": vegani anaiacha pale pale, ila mla mboga angalau amejua kitu kimoja kwa hakika. Bado hajajua kama jelatini ilitumika pamoja na yai.

Hatua ya 3: Tafuta "unfined", usiridhike na "unfiltered". Neno la pili linasema tu kwamba divai haikuchujwa. Inaweza kuwa ilitiwa yai, ikaachwa itulie, ikawekwa chupani. La kwanza ndilo linalosema haikutiwa kitu cha kung'arishia. Ukiona mashapo chini ya chupa ya namna hiyo, isimamishe siku moja, kisha mimina polepole. Mashapo si dalili ya kuharibika.

Hatua ya 4: Uliza swali lenye jibu moja. Ukiuliza "Je, inafaa vegani?" unaweza kupewa jibu la kukufurahisha. Mwandikie mtengenezaji hivi: "Divai hii, ya mavuno ya mwaka ulioandikwa kwenye chupa, iling'arishwa kwa kitu gani?" Mwaka ni muhimu, kwa sababu zabibu za mwaka mmoja zikija na tanini kali, mtengenezaji yule yule aliyetumia udongo mwaka jana atashika yai. Akijibu "bentonaiti tu", umepata. Akisema "protini", uliza ya nini. Alama ya vegani yenye mkaguzi wa nje hukuondolea kazi hii. Jani lililochorwa na kampuni yenyewe halikuondolei.

Hatua ya 5: Bia ina mitego yake. Mwani unaotiwa wakati wa kuchemsha hauna tatizo. Anayepaswa kuwa macho hasa ni mnywaji wa bia ya kasiki ya Kiingereza, inayomalizikia kuchacha ndani ya kasiki lenyewe: kwa desturi hutiwa gundi ya samaki ili hamira ishuke upesi. Ikitolewa ya ukungu bila kutiwa gundi, haimaanishi imeoza. Onja, na kama haina ukali wa siki wala harufu mbaya, ni hamira tu inayoelea. Usitumie sifa za zamani kuhukumu: Guinness, iliyotumia gundi hiyo kwa miaka mingi, ilitangaza mwaka 2015 kwamba inaiacha. Kinyume chake, bia nyeusi iliyoandikwa "milk stout" kwa kawaida hutiwa sukari ya maziwa. Hiyo haizami na tope, inabaki kwenye glasi, na mla mboga anayekunywa maziwa anaweza kuinywa, vegani hawezi.