Kabla hujagusa ufunguo wa siri wa Base32: mambo ya kuzingatia

Ukitaka kuongeza namba zile za tarakimu sita zinazotolewa na programu ya simu kwenye mfumo wako wa kuingia, kabla ya yote fahamu kwamba mstari wa herufi unaomwonyesha mtumiaji sio ufunguo wenyewe. Ufunguo ni baiti. Herufi ni vazi tu, liitwalo Base32, ili mtu aweze kuzisoma na kuziandika kwa mkono. Programu ya simu huvua vazi hilo kwanza, ndipo ikokotoe namba. Seva yako nayo lazima ilivue. Ukikokotoa kwa kutumia herufi zenyewe, hakuna kosa litakaloonekana popote. Utapata namba safi kabisa ya tarakimu sita, ila haitalingana na ya simu hata siku moja.

Herufi zinazoruhusiwa ni A hadi Z na tarakimu 2 hadi 7. Basi. Sifuri na moja hazimo kwa sababu zinafanana na O, I na L, na nane nayo huchanganywa na B. Mtu akikuletea ufunguo wenye 0 au 1, ukatae na umwambie aangalie tena. Usijifanye mganga wa kubashiri: 1 inaweza kuwa I na inaweza kuwa L.

Herufi kubwa ndizo za kiwango, lakini watu hubandika ndogo, na programu nyingi huonyesha ufunguo katika mafungu ya herufi nne yenye nafasi katikati. Ondoa nafasi na vistari, geuza zote ziwe kubwa, halafu ndipo usimbue. Maktaba ya Python ukiipa herufi ndogo bila maelekezo inakataa na kusema `Non-base32 digit found`, na huo ni ukali mzuri. Iogope zaidi ile inayoruka kimyakimya kila herufi isiyoitambua, kwa sababu hiyo itakupa baiti pungufu na namba za uongo. Jambo dogo kwa wanaogeuzia herufi kwenye simu: weka wazi kwamba ugeuzaji usifuate lugha ya kifaa. Kwa Kituruki, i ndogo ikikuzwa hupata I yenye nukta juu, na hiyo haimo kwenye orodha yetu.

Sasa tuje kwenye alama ya `=`, ambayo ilinitoa jasho.

Kila herufi ya Base32 hubeba biti 5, na baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo baiti 5 hutoa herufi 8 kamili, bila salio. Neno `jambo` lina baiti 5, na likisimbwa linakuwa `NJQW2YTP`. Punguza herufi moja tu, libaki `jamb`, nawe unapata `NJQW2YQ=`. Biti 32 zimejaza herufi sita, zikabaki biti mbili. Hizo zikaongezewa sifuri tatu ili kutimiza herufi ya saba, na nafasi ya nane ikazibwa kwa `=`. Alama hiyo haibebi siri yoyote. Kazi yake ni kujazia mpaka urefu ugawanyike kwa 8.

Mfumo niliokabidhiwa ulikuwa ukitumia funguo za baiti 20, yaani biti 160, kama kiwango cha RFC 4226 kinavyopendekeza. Baiti 20 hutoa herufi 32 kamili, hivyo hakuna aliyewahi kuiona `=`. Mimi, kwa ujanja wangu, nikasoma kwamba biti 128 ndizo kiwango cha chini kinachokubalika, nikapunguza hadi baiti 16 ili watu wasichoke kuandika. Baiti 16 hutoa herufi 26 na alama sita za `=`. Simu yangu ikausoma msimbo wa QR vizuri, nikaachia toleo jipya.

Baada ya wiki moja hivi mtu akalalamika kwamba programu yake inasema ufunguo si halali. Nilipochungulia kiungo cha `otpauth://` kilichomo ndani ya msimbo wa QR nikaona `secret=` ikifuatwa na mkia wa `======`. Mkia huo haupaswi kuwemo. Maelekezo ya kiungo hicho yanasema usiwekwe. Programu nyingine huvumilia, nyingine hazivumilii. Nikauondoa kwenye kiungo, na hapo nilikuwa sahihi. Lakini kwa pupa nikaufuta pia kwenye hifadhidata, kwa amri moja, kwa watu wote, nikaenda kulala.

Asubuhi wote waliojiunga wiki ile walikuwa wamefungiwa nje. Wa zamani waliingia bila shida. Msimbuaji wa Python hudai urefu ugawanyike kwa 8, na 26 haigawanyiki, hivyo alikuwa akitupa `Incorrect padding` kila mara. Nami sikuliona kosa hilo, kwa sababu kwenye kodi kila kosa lilidakwa na kugeuzwa kuwa “Namba si sahihi”. Watu wakaanza kurekebisha saa za simu zao. Wengine wakafuta akaunti kwenye programu wakitarajia kuanza upya, na hao ikabidi niwathibitishe mmoja mmoja na kuwapa ufunguo mpya.

Katika kihoro kile nikaongeza `======` kwa kila ufunguo kabla ya kuusimbua. Wapya wakaingia. Wa zamani wakatoka! Herufi 32 na alama sita ni 38, nayo haigawanyiki kwa 8.

Dawa ilikuwa mistari miwili ambayo ningeiandika siku ya kwanza:

```python
s = s.replace(" ", "").replace("-", "").upper().rstrip("=")
baiti = base64.b32decode(s + "=" * (-len(s) % 8))
```

Hifadhi bila mkia, na ongeza mkia kwa hesabu wakati wa kusimbua tu. Ufunguo wa herufi 26 utapata alama sita, wa 32 hautapata kitu. Ukigawanya urefu kwa 8 na salio likawa 1, 3 au 6, ufunguo huo umekatwa au umeongezwa herufi mahali fulani. Hakuna idadi ya baiti inayotoa urefu huo. Usiujazie, urudishe kwa mwenyewe. Na kosa la kusimbua liandikwe kwenye kumbukumbu za seva kama kosa la kusimbua, lisichanganywe na namba iliyokosewa. Ila ufunguo wenyewe usiuandike humo.

Kabla ya kuachia chochote, jaribu kwa ufunguo wa mfano ulio kwenye kiwango cha namba hizi, RFC 6238. Ni baiti 20 za maandishi `12345678901234567890`, na ukizisimba lazima upate huu:

```
GEZDGNBVGY3TQOJQGEZDGNBVGY3TQOJQ
```

Weka saa kwenye sekunde ya 59 tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa UTC, hatua za sekunde 30, SHA-1, tarakimu sita. Jibu ni 287082. Ukipata nyingine, angalia kwanza kama hukukokotoa kwa herufi badala ya baiti. Kisha rudia kwa ufunguo huohuo ukiwa na herufi ndogo na nafasi, halafu jaribu mwingine wa baiti 16, maana huu wa herufi 32 hautakuonyesha tatizo la mkia hata kidogo.

Tengeneza ufunguo kwa kuchota baiti za nasibu na kuzisimba, usiokote herufi 26 ovyo. Kwenye 26 za kweli, herufi ya mwisho huwa A, E, I, M, Q, U, Y au 4 tu, kwa kuwa biti zake mbili za mwisho ni sifuri, na wasimbuaji wakali huzikagua. Usibandike ufunguo wa mtu kwenye tovuti ya kusimbua uliyoikuta mtandaoni. Chukua nakala ya hifadhidata kabla ya kuendesha amri inayogusa watu wote, na usiiendeshe usiku.