Kukata duara kubwa kabisa kutoka kwenye bati la pembetatu mraba

Karakana zinazotengeneza sigiri hapa Kampala huwa na rundo la vipande vya pembetatu vinavyobaki bamba la futi 8 kwa 4 likishakatwa. Wengi huviuza kwa kilo kama chuma chakavu, na humo ndani mna vitako vya sigiri, mifuniko na vibao vya duara vya kila namna. Kijana mmoja anayejifunza kazi aliniuliza hivi karibuni: "Mzee, nitajuaje duara kubwa kabisa linaloingia hapa bila kubahatisha na bikari?" Nilimwonyesha hesabu, na hatua moja kati ya hizo ikala mchana wake wote. Naziandika hapa, na hiyo moja nitaifafanua kwa kirefu.

Hatua ya 1: Pima pande tatu

Kipande kiwe na pembe moja ya nyuzi 90. Pande mbili zinazokutana kwenye pembe hiyo tuziite a na b, na upande mrefu unaoitazama pembe hiyo tuuite c. Pima kwa milimita. Inchi ziache pale dukani kwa muuza bamba, kwa sababu ukichanganya futi upande huu na sentimita upande ule hakuna kanuni itakayokuokoa.

Pima zote tatu, hata kama unajua kwamba c inaweza kupatikana kwa kanuni ya Pythagoras. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2: Tafuta nusukipenyo kwa kanuni mbili

```
r1 = (a + b - c) / 2
r2 = (a * b) / (a + b + c)
```

Kanuni ya kwanza inatokana na pembe yenyewe. Duara la ndani linagusa pande zote tatu. Kutoka kona yoyote, umbali hadi pale duara linapogusa upande wa kushoto na hadi linapogusa upande wa kulia ni sawasawa. Kwenye kona ya nyuzi 90, mistari miwili ya nusukipenyo inayokwenda kugusa a na b inafanya mraba pamoja na kona hiyo, kwa hiyo umbali huo ni r yenyewe. Kinachobaki juu ya a ni a − r, na juu ya b ni b − r. Vipande hivyo viwili ndivyo vinavyounda c: (a − r) + (b − r) = c. Ukiipanga upya unapata r1.

Ya pili inatokana na eneo. Unganisha kitovu cha duara na kona zote tatu. Bati linagawanyika kuwa pembetatu tatu, kila moja ikiwa na kimo r juu ya upande mmoja. Jumla ya maeneo yake ni nusu ya r mara mzingo mzima, na eneo la bati zima ni nusu ya a mara b. Hapo umepata r2. Hesabu hii ni ya zamani sana: nchini China, mwanahisabati Liu Hui aliieleza mwaka 263 kwa kukata pembetatu vipande vya rangi na kuvipanga upya kuwa mstatili mmoja mrefu, ambao upana wake ni kipenyo na urefu wake ni mzingo. Mfano wa Wachina ulikuwa na pande 8 na 15. Upande wa tatu unakuwa 17, na kipenyo kinatoka 6. Jaribu kanuni zote mbili, kila moja itakupa nusukipenyo 3.

Sasa bati halisi. Tulikuwa na kipande chenye a = 610, b = 480, na tepu ilisoma c = 776.

r1 = (610 + 480 − 776) / 2 = 157
r2 = (610 × 480) / (610 + 480 + 776) = 292,800 / 1,866 = 156.9

Zimekubaliana. Kipenyo ni karibu milimita 314, kwa hiyo kitako cha milimita 300 kinatoka na nafasi ya kukatia inabaki.

Hatua ya 3: Linganisha r1 na r2 kabla ya kugusa makasi

Hapa ndipo palipokula mchana. Kipande cha pili alichonacho kijana kilikuwa 600, 450 na 770. Kanuni ya kwanza ikampa 140. Ya pili ikampa 270,000 / 1,820, yaani 148.4. Alirudia hesabu kwenye simu mara nyingi akidhani amebonyeza vibaya, na hakuwa amebonyeza vibaya hata kidogo.

Kanuni hizi mbili zinatoa jibu moja pale tu a² + b² inapolingana na c². Sababu ni rahisi kuiona: zidisha (a + b − c) kwa (a + b + c), unapata (a + b)² − c². Kama Pythagoras anashika, hiyo ni 2ab, na kanuni moja inageuka kuwa nyingine. Kama hashiki, zinaachana. Kwa hiyo tofauti kati ya r1 na r2 ni kipimo cha bure cha bati lako na cha tepu yako pia. Mimi nikiona tofauti ya milimita 2 au zaidi kwenye kipande cha ukubwa huu, siendelei. Pembe ikipotea kwa nyuzi moja tu, ikawa 91 kwenye kipande cha 600 kwa 450, tofauti inafika kama milimita 2.6, kwa hiyo kipimo hiki kina macho makali.

Angalia pia ni ipi iliyo kubwa. Kama r1 ni ndogo kuliko r2, basi c ni ndefu mno: ama pembe imefunguka kupita nyuzi 90, ama umeusoma upande mrefu kwa ziada, tepu ikiwa imelegea au imepinda juu ya bati lililokunjika. Kama r1 ni kubwa kuliko r2, basi c ni fupi mno: pembe imejibana, au ncha imekatika. Hili la ncha linatokea sana kwa sababu ncha kali hukunjwa au kukatwa ili zisimchane mtu. Chukua kile kipande cha 610. Tuseme ncha yake imekatwa wima, a ikabaki 570, na ukingo wa c ukabaki kama 725. Kanuni ya kwanza itakupa 162.5, wakati duara halisi ni 157 tu. Ukikata kwa namba hiyo, duara litatoka nje ya bati. Dawa yake ni kuweka rula ndefu juu ya kila ukingo, kuirefusha mistari hadi ikutane hewani, na kupima hadi hapo. Duara lenyewe haliendi karibu na ncha, kwa hiyo ncha iliyokatika inaharibu vipimo peke yake.

Kujua kama kosa ni la pembe au la tepu, pima pembe peke yake. Toka kwenye kona, weka alama milimita 300 juu ya upande mmoja na 400 juu ya mwingine, kisha pima kati ya alama. Ikiwa ni 500, pembe ni mraba, rudi ukapime c upya. Skwea ndogo ya kuning'inia ukutani siiamini kwa kazi hii; ikianguka chini mara moja inapinda na hutajua. Kwenye kile kipande cha 770, kati ya alama tulipata zaidi ya 510, kwa hiyo pembe ilikuwa imefunguka, karibu nyuzi 93.

Na sasa, namba ipi ya kukatia? Kama hesabu ni ya mtihani na namba zimetolewa safi, tumia r1, ni ya haraka. Kwenye bati natumia r2 kila mara. Kosa la c linaingia kwenye r1 nusu nzima: kwenye kipande cha 610 kwa 480, ukisoma c 786 badala ya 776, r1 inashuka kutoka 157 hadi 152. r2 inashuka kutoka 156.9 hadi 156.1 tu, kwa sababu c imekaa ndani ya jumla kubwa inayogawanya. Hata pembe ikiwa si mraba kabisa, r2 haiko mbali, kwa kuwa eneo la pembetatu halibadiliki sana karibu na nyuzi 90. Kwa yule anayetaka jibu kamili la pembetatu yoyote, chukua s kuwa nusu ya mzingo:

```
r = sqrt((s - a) * (s - b) * (s - c) / s)
```

Kwa 600, 450 na 770, s ni 910, na r inatoka 148.1. r2 ilisema 148.4. Kwa makasi ya bati hiyo ni namba moja.

Hatua ya 4: Weka kitovu

Pembe ikiwa mraba, chora mstari sambamba na a kwa umbali wa r, na mwingine sambamba na b kwa umbali huohuo. Zinapokatana ndipo kitovu. Kabla ya kugonga alama kwa msumari, pima kutoka hapo hadi c kwa njia fupi kabisa. Lazima ipatikane r tena.

Pembe isipokuwa mraba, usitupe r1. Kwa pembetatu yoyote ile, (a + b − c) / 2 ni umbali kutoka kwenye kona hadi pale duara linapogusa pande. Ni kwenye nyuzi 90 tu umbali huo unapolingana na nusukipenyo. Kwa hiyo kwenye kipande chetu tuliweka alama milimita 140 kutoka kwenye kona juu ya kila upande, tukasimamisha mstari wima kwenye kila alama, na ilipokutana mistari miwili ndipo kilipokuwa kitovu. Bikari kutoka hapo hadi kwenye alama ilifunguka 148.

Hatua ya 5: Kata

Punguza milimita 3 kwenye nusukipenyo kama unatumia makasi ya mkono, 5 kama ni grainda. Kipande cha 600 kwa 450 kwa makasi kilitoa kitako chenye kipenyo cha 290.