Mtoto amechelewa kuongea? Pima masikio kwanza

Mtoto wa miaka 2 ambaye bado haungi maneno mawili, kama "mama njoo", apimwe masikio kabla ya kuanza mazoezi ya kuongea. Kumpigia makofi kwa nyuma hakutoshi. Anaweza kugeuka kwa sababu ameona kivuli au ameusikia mshindo mzito, ilhali sauti nyembamba za s na f hazimfikii. Ukisema "fisi", yeye anapata "i-i" tu. Atajifunzaje neno hilo?

Daktari huanza kwa kuchungulia kama kuna nta. Kisha kizibo laini huwekwa sikioni na kubadilisha mgandamizo wa hewa. Mashine huchora jinsi ngoma ya sikio inavyocheza, na mchoro ukitoka bapa, mara nyingi kuna majimaji nyuma ya ngoma hiyo. Mengi hukauka yenyewe ndani ya miezi 3, ila lazima arudi kupimwa.

Kipimo cha OAE hupeleka sauti na kusikiliza mwangwi wa sikio la ndani. Ni cha dakika chache, lakini nta, majimaji, kelele au kilio humfanya mtoto aonekane hasikii. Na akifaulu, mshipa wa kusikia bado haujapimwa. Huo hupimwa kwa kipimo cha ABR: vibandiko kichwani husoma jinsi mshipa unavyoitikia sauti, mtoto akiwa amelala. Kwa hiyo siku hiyo usimwache asinzie kwenye daladala, afike na usingizi wake.

Alipimwa akizaliwa akafaulu? Apimwe tena, maana usikivu unaweza kupungua baadaye, kwa mfano baada ya homa ya uti wa mgongo.